Ubao wa Mistari Minne

Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1993, nilimpoteza binti yangu wa mwisho. Alikuwa na miaka sita. Aliharisha siku nne, ya tano akanyamaza.

Alikuwa anakaa kwa mama yangu, kijiji kimoja mbele ya Kintinku, kwa sababu mimi nilikuwa nafanya kazi Manyoni mjini na nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja. Mganga wa zahanati alituambia ni maji. Sikuwa na namna ya kuhakikisha na sasa sina. Ninachojua ni kwamba tarehe 14 Julai pampu ya kijiji chetu iling'olewa, wanawake wakarudi kuchota kwenye mashimo ya korongo wanakonywesha ng'ombe, na aliyeandika hati ya kuihamisha ile pampu ni mimi. Jina na sahihi ni vyangu.

Nilikuwa mtunza stoo wa mradi wa visima. Darasa la saba nilimaliza, nikasoma na kozi ya miezi mitatu ya utunzaji wa ghala. Kazini waliniita Mama Stoo.

Hati ile niiandike kwanza, maana mambo yote yanatokea hapo. Mradi ulikuwa unachimba visima na kufunga pampu za mkono. Tulipewa pampu sita. Zilipokwisha, wachimbaji hawakusimama. Kila kisima kipya kilikuwa na siku yake ya uzinduzi, ngoma, hotuba, wageni kutoka wilayani, pilau. Huwezi kumwalika mgeni kuzindua shimo. Kwa hiyo Injinia, mkuu wetu wa mradi, akabuni njia: pampu ya kijiji kimoja inafunguliwa, inapelekwa kijiji kingine, inafungwa, mgeni anapampu mara tatu, watu wanapiga makofi, kisima kinahesabiwa. Wiki moja baadaye pampu irudi kwao. Sisi wenyewe tuliiita pampu ya uzinduzi, na tuliicheka.

Ya kijijini kwetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuazimwa. Haikurudi. Fundi alipoifuata, wanawake wa kule walikuwa wamekaa juu ya mfuniko wa kisima, wanasuka ukili. Mmoja akamwambia, "Fungua basi, mwanangu. Anza na mimi, ndipo uje kwenye nati." Fundi akarudi na spana zake. Baada ya hapo Injinia akaagiza pampu ya kuazima iwe inang'olewa jioni ileile ya sherehe, kabla watu hawajaizoea.

Injinia hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakisikia habari hii huuliza aliadhibiwa nini. Alikuwa kijana msomi, mdogo kwangu kwa miaka minne, na aliogopa kitu kimoja tu: mradi kufungwa. Siku zile mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu kila mwezi, maduka ya watu binafsi yamejaa vitu, na wenye vyeti wapo mtaani wanauza mitumba. Kila mtu alishika alichonacho kwa mikono miwili.

Nilirudi kazini tulipomaliza matanga. Sikuomba kuhamishwa na sikumlaumu mtu. Nilifungua daftari la stoo nikahesabu pampu. Sita. Nikahesabu visima vilivyozinduliwa. Tisa.

Mwezi Septemba akaja mfadhili. Tulimwita Mzee. Shirika lake ndilo lililolipia mradi, na yeye alikuwa anasimamia miradi mingine minane, kuanzia Dodoma hadi Tabora. Alipita kwetu mara moja kwa mwezi na alikaa muda wa kikombe kimoja cha chai. Hilo si tusi. Nilikuwa namtengenezea chai mimi, najua alikuwa anaondoka ikiwa na robo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Pole sana na msiba. Nimesikia njiani."

"Nimeshapoa."

Akageuka kwa Injinia. "Hali ya mradi?"

"Nzuri, Mzee. Tumezindua cha tisa."

"Hongereni. Ripoti?"

Injinia akampa ripoti ya kurasa arobaini na mbili, imepigwa taipu vizuri, ina ramani. Mzee akaipima kwa mkono kama mtu anayenunua nyama, akacheka kidogo, akaiweka kwenye kiti cha nyuma cha Landrova. Niliona pale kwenye kiti kuna nyingine kama hiyo, na chini yake nyingine. Gari likaondoka kwenda Itigi.

Nilimwuliza Injinia, "Habari ya pampu ipo humo?"

"Ipo."

"Wapi?"

"Ukurasa wa thelathini na moja. Nimeandika kuna changamoto ya upatikanaji wa vifaa."

Nilisoma ukurasa wenyewe. Ilikuwa kweli, imeandikwa hivyo. Hakuna mtu angeweza kusema amedanganywa.

Na pampu zilikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Kwenye hati za shehena nilikuwa nimeona kwamba pampu nyingine zimeshafika ghala la bandarini Dar es Salaam, zinasubiri barua ya Mzee ya kusema ziende mradi upi. Injinia hakutaka kuziomba, maana kuomba ni kueleza kwa nini visima tisa vina pampu sita. Mzee hakuandika barua kwa sababu hakuna aliyemwomba.

Nikaamua nimwonyeshe Mzee mwenyewe, kwenye kikombe chake kimoja. Nilichukua ubao wa kasha la mashine, nikaupaka rangi nyeusi, nikauchora mistari kwa chokaa. Kosa langu lilikuwa la mtunza stoo. Niliandika kila kitu. Saruji mifuko mingapi, nondo, mabomba, nati, grisi, visima, pampu, dizeli, siku za mvua, wachimbaji waliougua. Mistari kumi na mitatu. Nikautundika ukutani mkabala na kiti cha Mzee.

Oktoba akaja, akanywa, akautazama. 

"Kazi nzuri, mama," akasema. "Stoo imepangika. Wenzako wa Tabora waje wajifunze."

Akaondoka. Chai ilibaki robo.

Dereva wake, mtu wa utani, alichelewa kidogo mlangoni. Akaniambia, "Dada, umemwekea sinia la vyakula kumi na vitatu mtu asiye na njaa. Kala kwa macho, kashiba."

Nilikasirika naye siku nzima, kwa sababu alisema kweli.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu aliniomba nimpelekee mtoto wake kliniki, yeye ana zamu hospitali ya wilaya jikoni. Sikuwa nimeingia kliniki tangu Agosti. Nilienda. Wamama walikuwa wengi kuliko kivuli. Muuguzi alikuwa mmoja. Anapima, anatia nukta kwenye kadi, anatazama nukta imeangukia wapi, kwenye kijani, kijivu au nyekundu, na inakwenda juu au chini kuliko mwezi uliopita. Kisha anasema neno moja. "Nenda nyumbani." "Njoo wiki ijayo." "Huyu alazwe leo." Hakuuliza mtoto amekula nini tangu azaliwe. Alikuwa na haraka kuliko Mzee, na kila kadi iliyopita mkononi mwake ilitoka na amri.

Nilikaa kwenye benchi nimempakata yule mtoto, natazama kadi za watu. Nikaona nilichokosea. Mimi nilimwonyesha Mzee vitu ambavyo hata vikibadilika yeye hana la kufanya. Grisi ikipungua, ninaagiza mimi. Wachimbaji wakiugua, Injinia anapanga wengine. Vya Mzee ni vile ambavyo mkono wake peke yake unaweza kuvigeuza.

Niliporudi nilichukua kitambaa kibichi nikasimama mbele ya ubao. Kwa kila mstari nikajiuliza swali moja: hii ikiharibika, Mzee atafanya nini? Kama jibu ni hakuna, nafuta. Saruji, nikafuta. Nondo, nikafuta. Visima vilivyochimbwa, hapo nilisita, maana ndiyo fahari yetu. Lakini hesabu hiyo haiwezi kushuka hata siku moja. Kisima kikishazinduliwa kimezinduliwa, hata kama hakina kitu. Nikakiondoa kisiwe na mstari wake.

Ikabaki mistari minne. Wa kwanza, visima vilivyotoa maji kwa pampu Jumatatu ya wiki hii, kati ya vyote tulivyozindua. Wa pili, kisima kilichokaa siku nyingi kuliko vyote bila pampu. Wa tatu, pampu zilizopo stoo. Wa nne, pampu ikiharibika inakaa siku ngapi mpaka itengenezwe. Kila mstari ukawa na nafasi ya miezi mitatu, ili aone unapanda au unashuka. Nilinunua makopo madogo ya rangi duka la Mwarabu, nikapaka pembeni kijani, kijivu na nyekundu. Na kwenye nyekundu, kitu ambacho ubao wa kwanza haukuwa nacho: nikaandika uamuzi unaotakiwa, wa nani, na kabla ya tarehe gani.

Hesabu za kukisia sikuzitaka. Nilituma ujumbe kwa makatibu wa kamati za maji wa vijiji vyote. Wa kando ya reli walileta karatasi kwa treni ya abiria, wengine kwa watu wanaokuja gulioni. Swali lilikuwa moja tu: Jumatatu asubuhi mmechota kwenye pampu, ndiyo au hapana? Nilikuwa nimekataza maelezo. Hata hivyo katibu mmoja aliandika, "Hapana, na mwambieni Injinia ngoma tuliyomchezea tunaidai." Vijiji viwili havikujibu. Nikaenda mwenyewe kwa baiskeli ya ofisi, kwa kuwa nisingeandika nisichokiona wala kuambiwa.

Injinia aliukuta ubao Jumanne moja ya Novemba, siku moja kabla ya Mzee kufika. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono kiunoni.

"Mama Stoo, unataka nifukuzwe?"

"Hapana."

"Hii ni nini basi? Visima vitano kati ya kumi na moja? Septemba sita kati ya tisa, Oktoba sita kati ya kumi? Yaani tunavyochimba zaidi ndivyo maji yanavyopungua?"

"Ndivyo karatasi zinavyosema. Ile moja imeharibika tangu tarehe 29 mwezi uliopita."

"Weka visima vilivyochimbwa juu. Kwa herufi kubwa. Kumi na moja."

"Kumi na moja ipo pale, baada ya neno 'kati ya'."

"Pale imefichika!" Akazunguka meza, akarudi. "Basi futa huu wa pili. Siku mia na ishirini na sita bila pampu. Huu unatutukana. Ni kijiji kipi?"

"Cha kwetu."

Alijua tulizika wapi; alikuja mazishini, alishika koleo.

Nikamwambia, "Hati ya kuing'oa niliandika mimi, Injinia. Nawe uliidhinisha. Sijakuandika ubaoni na sijajiandika. Nimeandika siku. Ukitaka zifutwe, zifute wewe kwa mkono wako, mimi siwezi."

Kitambaa kilikuwa hapo mezani, kibichi. Alikitazama. Kisha akasema, "Kesho nitasimama mlangoni. Sitasimama karibu na hicho kitu."

"Simama utakapo."

Jumatano Mzee akaingia saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, nikamimina chai. Injinia alikuwa mlangoni kweli, nusu ndani nusu nje, ameshika ripoti.

"Hali ya mradi?" Mzee akauliza huku anakaa. Kabla Injinia hajajibu, Mzee alishauona ubao. Alitia kikombe mdomoni akakirudisha kwenye kisahani bila kunywa.

"Vitano kati ya kumi na moja. Maana yake nini?"

Nilisubiri Injinia aseme. Akabaki anageuza ripoti mkononi. Nikasema, "Jumatatu hii vijiji vitano vimepata maji ya pampu, Mzee. Sita havikupata. Visima vipo, pampu hazipo, na moja ni mbovu."

"Mmenizindulia kumi na moja."

"Ndiyo. Kwa pampu sita. Tulikuwa tunaziazima."

Dereva, aliyekuwa ameegemea dirisha kwa nje, akacheka kwa sauti. "Kama suti ya harusi, Mzee! Bwana harusi akitoka kanisani, anaivulia mlangoni avae mwingine."

"Wewe nyamaza," Mzee akasema, ila na yeye mdomo ulimcheza. Kisha uso ukakaza tena. "Siku mia na ishirini na sita. Mwezi wa saba? Na mimi nimepita hapa mara ngapi tangu mwezi wa saba? Kwa nini sikuambiwa?"

Hapo Injinia akaingia ndani. Naandika hili kwa heshima yake. Aliingia mpaka karibu na ubao, akasema, "Uliambiwa, Mzee. Ukurasa wa thelathini na moja. Niliandika kwa namna ambayo usingeona. Kosa ni langu."

Mzee alimtazama, akatazama ubao tena, sasa anausoma taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Alifika kwenye nyekundu. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeandika: Simamisha kuchimba mpaka visima vyote viwe na pampu. Mfadhili. Leo. Mstari wa tatu: Barua ya kutoa pampu ghala la Dar. Mfadhili. Leo. Mstari wa nne, siku kumi na tisa na bado zinahesabika: Vipuri vikae vijijini kwa mafundi wa kamati, visikae stoo Manyoni. Mfadhili akubali, Injinia atekeleze, mwisho wa mwezi. Mstari wa pili sikuwa nimeandika uamuzi. Nilikuwa nimeandika tu: Pampu ya kwanza ikifika, ianzie hapa.

"Leo," Mzee akasoma. "Unaniamuru, mama?"

"Hapana, Mzee. Mwezi ujao mvua zitakuwa zimeanza, lori halifiki vijiji vya bondeni. Kama si leo, ni mwezi wa tano."

Akamwuliza Injinia, "Nikisimamisha kuchimba, wachimbaji wako wanakula nini?"

"Watafunga pampu na kujengea mifuniko. Kazi ipo ya miezi miwili."

"Na wilayani wakiuliza mbona hakuna uzinduzi?"

"Nitawapeleka wakaone maji," Injinia akasema.

Mzee akasimama. Nikajua anaondoka, nikashika kisahani. Lakini alisema, "Nipe karatasi ya barua." Aliandika palepale, amesimama, ameinamia meza yangu ya stoo. Pampu nane kwa mradi wa Manyoni. Aliandika ya pili, kusimamisha kuchimba. Ya tatu aliandika mistari miwili tu: kuanzia leo pampu ikifungwa kijijini ni ya kijiji, haiazimwi. Akaniambia niitundike chini ya ubao. Habari ya vipuri akaisema kwa mdomo, na Injinia akaandika.

Kisha akaketi tena, na nikaona kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona tangu nianze kazi pale. Alimaliza chai. Akaomba nyingine.

"Huu ubao," akasema akiwa na kikombe cha pili, "nina miradi mingine minane yenye kurasa arobaini. Nataka mbao nane kama huu. Waambie mistari ni mingapi."

"Inategemea, Mzee. Ile ambayo wewe unaweza kufanya kitu."

"Sema namba, mama. Hawa ni watu wa kurasa."

"Basi isizidi mitano."

Akaandika kwenye kiganja chake, tano, kwa kalamu ya wino. Dereva akamfungulia mlango, akanipigia saluti kama askari wa gwaride.

Pampu zilishuka stesheni ya Manyoni tarehe 9 Desemba kwa behewa la mizigo. Nilizipokea mimi, nikahesabu, nane kamili, na vichwa vyake na fito zake. Nikaandika hati ya kwanza ya kutoa, kwenda kijiji cha kwetu. Niliandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Injinia alikwenda mwenyewe, na mimi nikapanda nyuma ya lori. Mvua ilikuwa imeshanyesha mara moja, bonde limeanza kuwa kijani. Hapakuwa na mgeni wala hotuba. Injinia alivua shati, akafunga na fundi mpaka saa saba, akakaza nati za mwisho mwenyewe. Mama yangu alikuja na ndoo kabla hawajamaliza, akasimama pembeni.

"Shikamoo, mama," Injinia akamwamkia.

"Marahaba. Hii mtaing'oa lini?"

"Haing'olewi, mama."

"Mlisema hivyo."

"Safari hii kuna barua."

"Sijui kusoma," mama akasema. "Pampu, nione."

Injinia akapampu. Mara kumi, kumi na tano, inakoroma tu. Watu wakaanza kunong'ona. Mara ya ishirini hivi yakaja, kwanza mekundu ya tope, kisha meupe, yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Vigelegele vilitoka upande wa wanawake na havikukoma. Mmoja wao akampaka Injinia unga usoni, kama anavyopakwa bwana harusi, akaachwa amesimama mweupe, anacheka huku anafuta macho.

Kufikia Krismasi visima vyote kumi na moja vilikuwa vinatoa maji, na pampu tatu zilibaki stoo, na ile iliyoharibika ilikuwa imetengenezwa na fundi wa kijiji chenyewe kwa siku mbili. Lakini siku ile kijijini hayo yalikuwa bado. Mama alijaza ndoo yake, akawaachia wenzake mkono wa pampu. Hakunisemesha habari ya mtoto, na mimi sikumsemesha. Akaniambia kwa Kigogo nishike upande mmoja, ni nzito. Tukaibeba wawili mpaka nyumbani, akaanza kuosha sufuria.